Ekari Moja ya Nyasi

Kiangazi kinapokaza Kajiado, jambo lile lile hujirudia minadani. Ng'ombe anafikishwa sokoni amekonda, mnunuzi anamhesabu mbavu, bei inashuka. Hapo hapo kando ya barabara lori linashusha marobota ya nyasi kavu, na hayo bei yake inapanda. Mfugaji anauza mnyama mmoja kwa hasara ili awanunulie chakula waliobaki. Katika ukame ulioanza 2020, misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo, Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Wengi walikufa kwa kukosa nyasi kabla ya kukosa maji.

Maoni yangu leo ni haya: mfugaji wa nchi kavu anayetaka pesa za kiangazi bila kugusa zizi aanze na ekari moja ya nyasi. Aizungushie ua, aitunze kama shamba, avune mbegu kwanza, majani baadaye.

Kutenga malisho si jambo geni. Wamaasai wana olopololi ya ndama, Wasukuma wana ngitili, na kule Chepareria, Pokot Magharibi, watu walianza kuzungushia malisho ua katika miaka ya 1980, kwenye ardhi iliyokuwa imebaki udongo mtupu. Tofauti ni kwamba wengi wetu hutenga nyasi ili zilishwe tu. Mimi nasema tutenge pia za kuuza.

Chukua mama mmoja wa Kajiado, wa mfano tu, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi wachache na ekari moja karibu na boma. Septemba anaiziba kwa ua wa miiba. Kabla ya mvua za Oktoba analima mifereji myepesi ya kukinga maji kwa plau ya ng'ombe, akikata mteremko. Anahitaji kilo mbili hivi za mbegu. Anachagua Cenchrus ciliaris, ile yenye suke la manyoya, au Enteropogon macrostachyus, ambayo huota haraka na huzaa mbegu nyingi. Mbegu hizi ni nyepesi, upepo huzipeperusha, kwa hiyo anazichanganya na mchanga mkavu au samadi iliyosagika, kisha anazinyunyiza mferejini. Hazifukii. Mbegu ya nyasi ikizama zaidi ya sentimita moja, chipukizi huishiwa nguvu kabla ya kuona jua. Wengi huishia hapo, halafu husema mbegu ilikuwa mbovu.

Msimu ule wa kwanza hakuna mnyama anayeingia. Mizizi bado michanga, na ng'ombe akivuta jani hung'oa shina zima.

Kufikia Januari masuke yamekomaa. Dalili ni kwamba ukilipitisha suke kati ya vidole, mbegu zinaachia bila kulazimishwa. Ukichelewa wiki moja, upepo utazivuna. Ukiwahi, utavuna makapi, na mnunuzi mzoefu atakugundua upesi: atasugua mbegu kiganjani, atapuliza, aangalie kama punje imebaki. Kwa hiyo jipime mwenyewe kwanza. Baada ya kuvuna zianike kivulini, si juani, uzigeuze kila siku hadi zikauke, uziweke kwenye gunia la mkonge juu ya kichanja. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na mbegu huvunda.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wapya hawalijui. Mbegu nyingi za nyasi za malisho, zikiwa zimevunwa tu, hulala. Zinahitaji miezi kadhaa ya kukaa ghalani kabla ya kuota vizuri. Ukimuuzia jirani mbegu ya Januari aipande Machi, huenda isiote, na jina lako likaharibika. Ihifadhi hadi Septemba. Kabla ya kuuza, hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya pamba yenye maji kwenye sahani, zihesabu tena baada ya wiki mbili. Zikiota 40, mwambie mnunuzi ni 40, ili ajue anahitaji kilo ngapi. Na ukitaka kuifungasha na kuitia nembo yako, waone KEPHIS kwanza, maana biashara ya mbegu ina sheria zake.

Mabua yaliyobaki baada ya mbegu ni magumu. Walishe wanyama wako. Marobota ya kuuza yatoke kwenye nyasi zinazochipua upya kwa mvua za Machi hadi Mei. Hapa kosa kubwa ni tamaa ya urefu. Mfugaji husubiri nyasi zirefuke, akiamini ndizo nyingi, kumbe zikishapita kuchanua huwa ngumu kama miti na lishe huporomoka. Kata zinapoanza kuchanua, ukiacha kisiki cha sentimita 10 ili zichipue tena. Zianike siku mbili tatu huku ukizigeuza. Sokota kishungi mkononi: kikivunjika zimekauka, kikijipinda tu ngoja. Robota likifungwa na unyevu hupata joto ndani, huota kuvu, na kuvu huweza kumdhuru mnyama. Huhitaji mashine. Sanduku la mbao lisilo na kitako, nyasi zikashindiliwa kwa miguu na kufungwa kamba, hutoa robota la kilo 15 hivi. Yapange juu ya magogo ili mchwa wasiyafikie, chini ya paa.

Sasa hesabu ya mama yetu, na bei hizi nazichukua za mfano, uzibadilishe kwa za soko lako. Mvua imekuwa nzuri. Amepata kilo 40 za mbegu na marobota 100. Kabla ya kuuza robota hata moja anatenga ya nyumbani. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo sita za nyasi kavu kwa siku, kwa hiyo wawili humaliza kilo 12. Marobota 40 yatawatosha siku 50, na maziwa hayatakatika. Sitini yaliyobaki anayauza Septemba kwa shilingi 250, apate 15,000. Mbegu kwa shilingi 500 kilo ni 20,000. Akitoa 10,000 za vibarua na kamba, anabaki na 25,000, na hakuna mnyama aliyetoka zizini.

Mipaka ipo. Mvua ikikosekana kabisa, ekari hiyo itatoa kidogo au isitoe kitu, ndiyo maana sisemi uanze na ekari kumi. Tena, ukiziba ardhi ya jumuiya peke yako, umewafungia wenzako njia ya malisho, na ua huo utakuwa chanzo cha ugomvi. Ongea na wazee na kamati ya ardhi kabla ya kukata mwiba wa kwanza, mkubaliane ukubwa na njia za mifugo. Mahali ardhi ni ya wote, kikundi cha akina mama kikipewa kipande chake hufanya kazi hii kwa amani kuliko mtu mmoja.

Usikilizapo haya, kama Oktoba haijafika, bado kuna wakati wa ua na wa plau. Nunua kilo mbili za mbegu mahali unapopaamini, KALRO Kiboko kule Makueni au kwa mkulima aliyekuonyesha shamba lake, na uzijaribu kwenye pamba kabla hujazipeleka ardhini.