Mama Mjamzito na Miwani Mipya

Leo tutazungumza juu ya macho ya mama mjamzito. Akina baba, msiondoke. Mara nyingi ninyi ndio mnaotoa fedha za miwani, na katika somo hili kuna fedha ambazo zaweza kubaki mfukoni.

Tumfikirie mama mmoja wa Olmotonyi, karibu na Chuo cha Misitu. Ana miaka 27, na mimba yake ni ya miezi saba. Tangu alipokuwa msichana huvaa miwani ya kuonea mbali. Kila Jumamosi hushuka Ngaramtoni kupanda basi dogo la kwenda Arusha mjini. Zamani alisoma jina lililoandikwa kwenye kioo cha basi lilipokuwa bado mbali. Sasa analiona kama limefunikwa na ukungu, na hulisoma basi likiisha kumfikia. Macho hayamwumi. Hali hii haikuja siku moja, bali imekuja polepole, wiki baada ya wiki.

Akaenda mjini kwenye duka la miwani. Akapimwa, akapewa karatasi. Tuisome pamoja naye, maana kusoma karatasi yako mwenyewe ni jambo kubwa. Karatasi yake ya zamani ilikuwa imeandikwa −1.50 kwa jicho la kulia, na −1.50 kwa jicho la kushoto. Karatasi mpya imeandikwa −2.00 na −2.00. Ile alama ya kutoa maana yake ni kwamba mtu huyu huona karibu vizuri, lakini mbali haoni vyema. Namba ikizidi, ukungu nao huanza karibu zaidi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukua sentimita 100, uzigawanye kwa namba ya miwani. Mia kugawanya kwa 1.50 ni kama sentimita 67. Basi zamani, akivua miwani, mama huyu aliona vizuri mpaka sentimita 67 tu. Sasa namba yake ni 2.00, mia kugawanya kwa 2 ni 50. Je, akivaa miwani yake ya zamani? Miwani hiyo humsaidia kwa 1.50, kwa hiyo imebaki 0.50. Mia kugawanya kwa 0.50 ni sentimita 200, yaani mita mbili. Basi kwa miwani ya zamani bado anaona vizuri kila kitu kilicho ndani ya mita mbili: sufuria, cherehani, uso wa mtoto, hata mtu aliyeketi ng'ambo ya meza. Kupita hapo huanza ukungu mwepesi. Ndiyo maana jina la basi linampotea.

Kwa nini namba imebadilika? Sehemu ya mbele ya jicho ni kama kioo cha saa: ni nyangavu, nayo imepinda. Waganga huiita konea. Wakati wa mimba mwili wa mama huhifadhi maji zaidi kuliko kawaida. Wengi wenu mmeona miguu ikivimba jioni, na pete ikikataa kutoka kidoleni. Konea nayo huingiwa na maji. Unene wake huzidi kidogo sana, haufiki hata unene wa unywele mmoja, na mpindo wake waweza kuzidi kidogo pia. Lakini jicho ni chombo cha vipimo vidogo. Konea ikipinda zaidi, nuru ya vitu vya mbali hukutana kabla ya kufika nyuma ya jicho, na picha huwa na ukungu. Mambo haya huonekana zaidi katika nusu ya pili ya mimba. Si kila mama huyapata, na kwa wale wanaoyapata mara nyingi badiliko halifiki namba moja nzima.

Wapo watakaokuambia kwamba mtoto tumboni ndiye anayemaliza macho ya mama yake. Sivyo. Ni maji, na maji hayo huondoka.

Mama wetu alipoisoma karatasi, alitaka kuagiza miwani ile ile siku ile. Tazama ingetokea nini. Angezaa baada ya miezi miwili, maji yangepungua, na konea ingerudi kama ilivyokuwa. Jicho lingekuwa tena la 1.50, lakini miwani ingekuwa ya 2.00. Miwani yenye nguvu kupita jicho hulilazimisha jicho kujikaza mchana kutwa. Mtu kijana huona nayo, ndiyo, na kwa sababu hiyo hagundui kosa mapema. Ila jioni kichwa kinamgonga, na akishika sindano na uzi macho yanachoka upesi. Kisha hununua miwani mara ya tatu.

Kwa hiyo alifanya hivi. Aliitunza karatasi mpya, akaandika juu yake, “mimba ya miezi saba”. Aliendelea kuvaa miwani ya zamani. Alizaa salama. Wiki sita baadaye alipimwa tena: −1.75. Hapo wengi hukosea, maana huona namba imeshuka wakadhani mambo yamekwisha. Lakini mama huyu alikuwa ananyonyesha, na kwa anayenyonyesha macho yaweza kukawia kutulia. Alingoja wiki nyingine sita akapimwa tena: −1.50. Baada ya mwezi mmoja tena: −1.50. Vipimo viwili vilivyopishana kwa wiki kadhaa vimekuwa sawa. Hiyo ndiyo alama ya kwamba jicho limetulia. Na kwa kuwa namba ilikuwa ile ya zamani, hakununua kitu. Kama vipimo vile viwili vingesema −1.75, na ukungu ungekuwapo bado, hapo angeagiza miwani bila hofu.

Je, ni lazima kungoja siku zote? La. Miwani ikivunjika wakati wa mimba, tengeneza nyingine kwa namba ya zamani. Kama hukuwa na miwani kabisa na ulikuwa huoni vyema hata kabla ya mimba, usikae miezi kumi katika ukungu; mwambie mpimaji kwamba una mimba, naye atakupa ya kukufaa, nawe utapimwa tena baadaye. Na kama unaendesha gari au pikipiki, na kwa miwani ya zamani huoni barabara sawasawa, ama acha kuendesha ama badilisha vioo tu katika fremu yako ile ile, ukijua kwamba ni vya muda. Wanaovaa lenzi za kuweka ndani ya jicho, nao si wengi huku kwetu, huenda wakaziona zinawakwaruza siku hizo. Konea imebadilika na machozi yamepungua. Warudie miwani kwa kitambo. Moshi wa kuni huzidisha ukavu huo. Dawa ya macho iliyobaki chupani tangu mwaka jana usiitie. Kwanza mwulize mganga au mwuza dawa, na umwambie kwamba una mimba.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana yako macho yasiyongoja.

Ukungu tuliousema huja polepole, katika macho yote mawili, bila maumivu. Lakini ukiona ghafula ukungu mzito, au vitu viwili pale penye kimoja, au vimulimuli kama umeme, au madoadoa meusi, au sehemu ya unachokitazama imepotea, hilo si jambo la duka la miwani. Mara nyingi hufuatana na kichwa kuuma sana, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono kuvimba. Hizo zaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia. Presha imepanda, na ubongo na macho vinaumia. Ugonjwa huu kwa kawaida huja baada ya wiki 20 za mimba. Waweza pia kuja baada ya kuzaa, katika wiki sita za kwanza, hata kwa mama ambaye presha yake ilikuwa nzuri siku zote. Mwendee mganga saa ile ile, hata kama ni usiku. Kwa watu wa Olmotonyi iko Hospitali ya Selian pale Ngaramtoni, na mjini iko Hospitali ya Mount Meru. Huko watapima presha na mkojo, na ikibidi watampa mama sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege.

Wengine mnajua jaribio la kitundu. Toboa karatasi ngumu kwa pini, funika jicho moja, tazama mbali kwa jicho la pili kupitia kitundu hicho. Maandishi yakionekana wazi zaidi, sehemu ya ukungu ni ya kurekebishwa kwa miwani. Jaribio hili ni zuri, nami hulipenda kwa kuwa halina gharama. Lakini usilitumie kujipa moyo. Mama mwenye vimulimuli na kichwa kinachouma aende hospitali, kitundu kiseme lisemalo.

Liko jambo moja tena, la sukari. Ikiwa leo unaona vizuri, kesho vibaya, keshokutwa vizuri, tena una kiu nyingi na unakwenda haja ndogo mara kwa mara, omba upimwe sukari. Sukari ikipanda katika damu hubadilisha lenzi iliyo ndani ya jicho, na namba ya miwani hucheza nayo. Miwani iliyopimwa siku sukari iko juu haitafaa sukari ikishuka. Kwanza sukari itulie, ndipo upimwe. Na aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba huyo asingoje kuona ukungu: achunguzwe nyuma ya jicho mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, maana mimba yaweza kuzidisha madhara ya kisukari huko nyuma bila yeye kusikia lolote.

Sasa kazi ya nyumbani. Fungueni kadi ya kliniki, yako au ya jirani atakayekubali, mtafute mahali palipoandikwa presha. Mtaona namba mbili zenye mstari kati yake, kwa mfano 110/70. Ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, presha hiyo imepanda, na mama aonwe na mganga siku hiyo hiyo. Someni presha za kila hudhurio, mziandike katika daftari kwa mpangilio wa tarehe. Na mwenye karatasi ya miwani ailete darasani katika somo lijalo, tutaigawanya ile mia pamoja.

Kwa herini.