Salfaiti au Vitamini C? Kupima Maembe Makavu kwa Karatasi na kwa Taitresheni ya Iodini



Naanza na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja nililetewa pakiti za maembe makavu zilizoandikwa kwamba hazina kihifadhi chochote. Nikasaga vipande viwili na maji, nikadondoshea iodini ya duka la dawa. Rangi ya kahawia ikayeyuka machoni pangu. Tone la pili likapotea, la tatu likapotea, nami nikaandika kwamba salfaiti imo. Siku ya tatu mkaushaji mwenyewe akaja, mama wa makamo, akaniambia, “Mwanangu, mimi nachovya kwenye maji ya limau, basi.” Alikuwa anasema kweli. Kilichokula iodini yangu kilikuwa vitamini C.

Mada yangu inahusu namna ya kuepuka aibu hiyo, kwa sababu wengi wetu tungali tunalitegemea lile tone.

Mkaushaji hutia embe salfaiti ili lisigeuke kahawia na lisiote ukungu. Ama hulichovya katika maji ya sodiamu metabaisalfaiti, ule unga mweupe wenye harufu ya kiberiti kilichowashwa, ama hulifukiza kwa moshi wa salfa. Kwa vyovyote vile, tunachopima ni gesi ileile, salfa dioksaidi. Viwango vya Kodeksi vinaruhusu miligramu 1000 kwa kila kilo ya matunda makavu kama embe. Huko Ulaya, ikizidi miligramu 10 kwa kilo ni lazima itajwe kwenye lebo, maana kuna wagonjwa wa pumu ambao kifua huwabana kwa kiasi kidogo tu.

Iodini na salfa dioksaidi hukutana hivi:

SO2 + I2 + 2H2O → H2SO4 + 2HI

Rangi ya iodini hupotea, na hapo ndipo kilipo kipimo. Tatizo ni kwamba iodini haichagui. Vitamini C huimaliza vilevile, molekuli moja kwa moja. Ila vitu hivi viwili vinatofautiana kwa jambo moja: salfaiti ikitiwa asidi hutoka kama gesi, na vitamini C hubaki chini majini. Kwa hiyo badala ya kuipeleka iodini kwenye tunda, tuiache salfaiti isafiri yenyewe.

Chemsha uji mwepesi wa wanga, uache upoe, kisha koroga humo potasiamu iodeti kidogo, kama gramu 0.1 kwa mililita 100. Chovya ukanda wa karatasi ya kuchujia. Katakata gramu 5 za embe, zitie katika chupa yenye maji ya vuguvugu, ongeza asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, mililita 2 au 3, kisha ning’iniza ukanda ukiwa bado mbichi kwenye shingo ya chupa bila kugusa maji. Funika. Gesi ikifika kwenye karatasi huitoa iodini ndani ya iodeti, na wanga hugeuka buluu. Ikiwa salfaiti ni nyingi sana, buluu huja na kuondoka, karatasi ikarudi nyeupe. Anayekwenda kunywa chai akarudi baada ya nusu saa ataapa kwamba hakuna kitu. Simama hapohapo uangalie. Usiiweke chupa kwenye maji yanayochemka pia, kwa sababu buluu ya wanga hufifia kwa joto.

Karatasi inasema ipo au haipo. Haisemi ni kiasi gani, na hapo tunahitaji bureti.

Kwanza tuitengeneze iodini ya 0.01 mol/L: gramu 2.54 za iodini pamoja na gramu 8 hivi za potasiamu iodaidi katika lita moja, kwa kuwa iodini peke yake haikubali kuyeyuka vizuri majini. Itunze kwenye chupa nyeusi. Hata hivyo hupungua nguvu, hivyo ikague siku ileile ya kazi. Na hapa adui yetu anageuka mzani: yeyusha miligramu 176 za vitamini C safi katika mililita 100, chukua mililita 10, taitreti. Iodini kamili itatumika mililita 10. Ikitumika 10.4, imepungua, na kila mililita yake ni sawa na miligramu 0.615 za salfa dioksaidi badala ya 0.64.

Sasa tulichukue embe. Saga gramu 25 kwa maji baridi, upesi, hadi uzito wote ufike gramu 250. Pima gramu 50 za rojo katika flaski mbili. Kila moja ina gramu 5 za embe. Sehemu kubwa ya salfaiti imejifunga kwenye sukari ya tunda, na ikiwa imejifunga iodini haiioni. Ili kuifungua, tia mililita 5 za sodiamu haidroksaidi ya 5 mol/L katika kila flaski, ziba, acha dakika 20. Usitikise, kwa sababu katika hali hiyo hewa huila salfaiti na vitamini C pia.

Flaski ya kwanza itie mililita 7 za asidi haidrokloriki ya 5 mol/L, wanga kidogo, na taitreti mara moja, kabla salfaiti haijajifunga tena. Flaski ya pili itie asidi hiyohiyo, kisha mililita 10 za fomalini, uiache dakika 10, ndipo utaitreti. Fomalini huikamata salfaiti na kuificha, lakini vitamini C haiigusi. Fanya hatua hii penye upepo na usiinamie flaski. Fomalini ni sumu.

Katika sampuli moja tuliyoipima, flaski ya kwanza ilitumia mililita 8.4. Ningeishia hapo, hesabu ingekuwa 8.4 mara 0.64, gawanya kwa gramu 5, yaani miligramu 1075 kwa kilo. Mzigo ungekataliwa. Flaski ya pili ilitumia 1.9. Salfaiti halisi basi ni mililita 6.5, sawa na miligramu 832 kwa kilo, ndani ya kiwango.

Ugumu unaobaki ni jicho. Rojo la embe ni la manjano, hivyo buluu huonekana kama kijani chafu, nayo hufifia. Weka taa pembeni, karatasi nyeupe chini, na ukubali rangi inayodumu sekunde 30. Juisi ya rozela msijisumbue nayo kwa njia hii. Wekundu wake unameza kila kitu.

Na yule mama wa limau je, ningeweza kumthibitishia lebo yake kwa bureti? Hapana. Miligramu 10 kwa kilo, katika gramu 5, ni iodini mililita 0.08, yaani chini ya matone mawili. Kosa la mkono wangu ni kubwa kuliko hilo. Sampuli ya namna hiyo hupelekwa kwenye maabara yenye mtambo wa Monia-Wiliamsi, ambako tunda huchemshwa katika asidi, gesi husukumwa na naitrojeni hadi kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na asidi iliyozaliwa humo hutaitretiwa. Ila mkipeleka kitunguu saumu kikavu, waambieni mapema, maana chenyewe hutoa salfa dioksaidi kinapochemshwa, hata kama hakijawahi kuuona ule unga.