BARUA YA WITO SI HATI YA MASHITAKA

Mazungumzo ya Ofisa wa Habari wa Wizara mbele ya Masheha, Manahodha na Mabaharia, juu ya mashahidi wanaoitwa katika uchunguzi wa ajali za vyombo vya baharini



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo huanza kwa karatasi moja tu. Chombo kimepata ajali, waliookolewa wamerudi majumbani, na baada ya siku chache mmoja wao anapelekewa barua ya kumwita mahojianoni. Hapo ndipo khofu inapoingia. Mama mzazi hulia, jirani huuliza amefanya nini, na mwenyewe hufikiri kulala shamba mpaka mambo yapoe. Nia yangu ni kueleza barua hiyo inamtaka nini, inamuahidi nini, na haiwezi kumuahidi nini.

Visiwa vyetu havihitaji kukumbushwa maana ya ajali ya baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai, 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Katika misiba kama hiyo, mengi yaliyotokea ndani ya chombo hayakuandikwa popote. Yamo vifuani mwa watu waliokuwapo.

Kwanza, natuelewe nani anaita. Baada ya ajali kubwa huweza kuwapo milango mitatu. Upo wa Polisi, ambao hutafuta kama kuna kosa la jinai na nani amelitenda. Upo wa Tume ya Uchunguzi, ambayo huundwa na Serikali kwa jambo maalumu na hupewa hadidu zake za rejea. Na upo uchunguzi wa usalama wa baharini, ambao shabaha yake ni kujua sababu ya ajali ili isitokee nyengine. Kanuni za Uchunguzi wa Ajali zilizopitishwa na Shirika la Bahari Duniani mwaka 2008, na kuanza kutumika tarehe 1 Januari, 2010, zinasema wazi kwamba uchunguzi wa aina hii ya tatu haukusudii kugawa lawama wala kuamua nani alipe. Kanuni hizo ziliandikwa kwa meli za safari za kimataifa, lakini busara yake yafaa hata kwa boti ya kutoka Unguja kwenda Pemba. Shahidi ana haki ya kujua anaingia mlango upi. Barua isiyosema hivyo, arudi kwa aliyeiandika amuulize.

Tuchukue mfano. Tuseme boti ya abiria imeingiza maji usiku na kupinduka. Baharia mmoja kijana ameokoka, na mwenzake wa zamu amekufa. Kijana huyu, kabla ya boti kung'oa nanga, aliuona mlango wa nyuma wa kupakilia mizigo haukufungwa komeo zake zote. Alitaka kusema, akaambiwa wamechelewa. Hakuna mwengine aliye hai anayelijua jambo hilo. Akinyamaza, wachunguzi wataandika kwamba bahari ilichafuka, na boti nyengine zenye mlango kama ule zitaendelea kusafiri zikiwa na abiria.

Sasa barua imfikie vipi? Hapa nazungumza nanyi Masheha. Barua ya wito isisomwe barazani, wala asipewe mtoto wa skuli aipeleke ikiwa wazi. Iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na Sheha aombwe kuonesha nyumba tu. Siri ya shahidi huvunjika mara nyingi kabla hajafungua mdomo, kwa sababu shehia nzima imejua siku na saa anayokwenda. Kwa sababu hiyo hiyo, mahojiano yasifanywe ofisini kwa mwenye chombo, wala mahali ambapo mashahidi watakaa foleni wakitazamana.

Ndani ya barua, maneno yawe mepesi. Mfano wake ni huu:

"Ndugu, tunakuomba uje tuzungumze juu ya ajali uliyonusurika. Wewe unaitwa kama shahidi. Tunataka kujua uliyoyaona, uliyoyasikia na uliyoyafanya, ili tupate sababu ya ajali. Kazi yetu si kutafuta wa kumshitaki. Mazungumzo yatachukua kiasi cha saa mbili, na unaweza kupumzika au kusimamisha wakati wowote. Unaweza kuja na mtu mmoja unayemuamini. Unayo haki ya kutaka ushauri wa mwanasheria kabla ya kujibu. Nauli yako tutairudisha. Ikiwa siku hii haikufai, tuarifu tupange nyengine."

Kisha liwemo jina la mchunguzi, mahali, siku, na njia ya kumpata. Barua haihitaji zaidi ya hayo.

Juu ya siri, naomba tuseme kweli, kwani hapa ndipo maofisa wengi hukosea kwa nia njema. Mchunguzi humwambia shahidi, "Usiogope, hili halitatoka humu." Ahadi hiyo ni kubwa kuliko uwezo wake. Anachoweza kuahidi ni kwamba maelezo yatatumika kwa kutafuta sababu ya ajali, kwamba hatawapa mwenye chombo, majirani wala magazeti, na kwamba ripoti haitataja jina. Asichoweza kuahidi ni kwamba mahakama au mamlaka yenye uwezo wa kisheria haitayataka kamwe. Kanuni zenyewe zinaacha nafasi hiyo, pale inapoamuliwa kwamba haki ya umma inashinda madhara ya kuyatoa. Kwa hivyo Sura ya 12 ya Kanuni hizo inataka baharia aelezwe mapema msingi wa uchunguzi. Aelezwe pia khatari ya kujitia hatiani kwa maneno yake, haki yoyote aliyonayo ya kunyamaza, na kinga yoyote iliyopo ya maneno hayo kutotumiwa dhidi yake, na aruhusiwe kupata ushauri wa sheria juu ya hayo. Kijana wetu wa mlango wa nyuma ajue haya kabla, asije akayajua baadaye.

Tena lipo jambo la visiwa vidogo. Ripoti ikisema "baharia wa zamu ya nyuma," haikutaja jina, lakini kama zamu ile walikuwa wawili na mmoja amekufa, mtaa mzima umekwishamjua. Dawa yake ni mchunguzi kuangalia kila sentensi kwa jicho la jirani. Badala ya kuandika nani alisema, aandike kilichothibitika: kwamba mlango haukufungwa komeo zote. Na pale penye njia, apate uthibitisho mwengine, kama vile komeo lenyewe likitolewa baharini, ili neno lisisimame juu ya bega la mtu mmoja.

Ndani ya chumba, shahidi ahojiwe peke yake. Mashahidi wawili wakihojiwa pamoja, wa pili hukubaliana na wa kwanza hata bila kukusudia. Mchunguzi aanze kwa kumwachia aeleze mwenyewe tangu gatini hadi kuokolewa, asimkatize. Maswali yaje baadaye, tena yasiyobeba majibu ndani yake. Aulizwe, "Mlango ulikuwaje?" na asiulizwe, "Mlango ulikuwa wazi, sivyo?" Apewe karatasi achore boti na aoneshe alipokuwa amesimama, maana mkono hukumbuka ambayo ulimi umeyasahau. Asemapo "sijui," iandikwe kuwa hajui. Hilo nalo ni jibu.

Kuna kosa moja dogo linaloharibu ushahidi mzuri, nalo ni la saa. Baharia wetu akisema maji yaliingia saa nane za usiku, saa ya chombo itasoma 02:00, na baadhi ya mitambo huhifadhi saa ya dunia, yaani 23:00 ya siku iliyotangulia. Mwandishi mgeni akiandika 08:00 kwa kutojua, shahidi mkweli ataonekana mwongo kwa saa sita nzima. Kwa hivyo saa iandikwe kama alivyoitamka, kisha pembeni igeuzwe. Aulizwe pia lipi lilitangulia: kabla ya mwezi kuzama, au baada? Kabla ya kuonekana taa ya mnara, au baada?

Mwisho asomewe maelezo yake kwa Kiswahili anachokielewa, asahihishe, ndipo atie sahihi au dole gumba. Akikumbuka jambo wiki ijayo, arudi kuliongeza. Kukumbuka baadaye hakumfanyi mwongo.

Limebaki la msaada. Nauli arudishiwe kwa kiasi alichotumia, isizidi, kwani fedha ya ziada hutia doa ushahidi na shahidi mwenyewe. Mtu wa kumsindikiza awe wa kumtuliza, asijibu kwa niaba yake, wala asiwe shahidi mwengine au mtu wa mwenye chombo. Mwanamke anayetaka kuhojiwa na mwanamke mwenziwe apangiwe hivyo. Na aliyefiwa asiitwe siku za matanga, ila kwa dharura isiyongojeka na kwa ridhaa yake.

Aliyenusurika huweza kukosa usingizi, kushituka kwa mlio wa injini, au kuyaona maji tena akifumba macho. Katika siku za mwanzo hayo ni ya kawaida. Yakipita wiki nne hayajapungua, au yakimzuia kufanya kazi, apelekwe kituo cha afya. Akitamka kutaka kujidhuru, apelekwe siku ile ile, na asiachwe peke yake. Mchunguzi amwambie haya kabla ya kuagana, kwa sababu kusimulia huamsha yaliyolala, na usiku wa baada ya mahojiano huwa mzito. Na mwajiri akimtishia au kumwondoa kazini kwa kuja kwake, alete khabari mara moja kwa mchunguzi aliyemwita.

Ninyi mabaharia, nawaomba jambo moja. Mkinusurika, kila mmoja aandike au asimulie peke yake aliyoyaona, kabla hajakaa barazani na wenzake. Baada ya usiku mmoja wa mazungumzo, hakuna tena ajuaye lipi aliliona na lipi alilisikia. Ushahidi ni amana ya waliokufa mikononi mwa waliobaki, na mwenye kuipokea hana budi kumwambia kweli mwenye kuitoa.