Jina Kwanza, Namba ya Siri Baadaye

Kuanzia Jumatatu kila meza ya mgahawa wetu itakuwa na kibandiko cha msimbo wa QR wa kulipia. Msimbo huo hauchomoi pesa kwenye simu. Unabeba taarifa za biashara kama namba na jina, na kiasi unakiandika mwenyewe. Tuseme umekula wali samaki wa shilingi 8,000: fungua programu ya benki au ya mtandao wako wa simu, chagua kuskani, elekeza kamera, andika 8000, kisha soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Hapo ndipo ulinzi ulipo, maana tapeli anaweza kubandika msimbo wake juu ya wetu. Ukiona kingo mbili za karatasi, au jina si la mgahawa, usilipe, mwite mhudumu.

Wenye simu za vitochi wana haki ya kuuliza, na sisi je? Chini ya msimbo tumeandika Lipa Namba, mnaiingiza kupitia menyu ya kawaida ya malipo. Mtandao ukisumbua, msilipe mara ya pili kabla ya kuangalia salio. Fedha taslimu tunaendelea kupokea.