Uwatu Nao ni Dawa: Mwambie Daktari

(Mawaidha ya afya yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, mimi kazi yangu ni kutoa dawa dirishani. Leo sitazungumzia maradhi mengi. Nataka tuangalie jambo moja tu: mgonjwa wa sukari anayefunga, anayemeza tembe za hospitali, na huku nyumbani anakunywa uwatu.

Nitawapa kisa cha mama mmoja wa miaka 62. Alikuwa akimeza glibenklamaidi ya miligramu 5, tembe moja asubuhi na moja jioni. Ramadhani ilipoingia, akaihamisha ile ya asubuhi akaimeza wakati wa daku. Jirani yake akamwambia uwatu unashusha sukari. Basi akawa analoweka vijiko viwili vya mbegu usiku, akinywa maji yake na kutafuna mbegu zenyewe daku, na juu yake glasi ya maji ya karela.

Siku ya nne, saa nane mchana, akaanza kutetemeka na kutoka jasho jingi. Watu wa nyumbani wakasema ni swaumu imemkaza, mwacheni alale. Alipoanza kusema maneno yasiyoeleweka, mjukuu wake akachukua mashine akampima. Ikasoma 2.6. Mfungaji mwenye sukari akifika chini ya 3.9 anatakiwa afungue papo hapo, hata kama Magharibi imebakia nusu saa.

Sasa, kulitokea nini? Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini, na hailiulizi kama umekula au hukula. Nguvu yake yaweza kuendelea hadi siku nzima. Uwatu nao unapunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na pia unaweza kuongeza insulini. Karela nayo inashusha. Kwa hiyo vitu vitatu vilikuwa vinavuta upande mmoja, na tumbo halina kitu. Kila kimoja peke yake pengine asingedhurika nacho.

Tusielewane vibaya. Uwatu kidogo wa kutia ladha kwenye chakula si tatizo. Tunasema vijiko vinavyonywewa kila siku kama tiba.

Mjukuu alifanya vizuri. Kwa kuwa bibi alikuwa bado anaweza kumeza, alimpa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, akangoja dakika 15, akapima tena, kisha akampa chakula. Halafu wakampeleka hospitali, kwa sababu tembe hii inaweza kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa. Lakini mgonjwa akizimia usimtie chochote mdomoni, hata asali. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Huko hospitali ndipo nilipojifunza somo kubwa. Daktari alimuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?"

Akajibu, "La mwanangu, sina dawa nyingine."

Hakusema uongo. Kwake yeye, dawa ni tembe. Uwatu ni kitu cha jikoni! Ni binti yake aliyesema, "Mama, na ule uwatu je?" Pale ndipo daktari alipoelewa. Akamwambia aache uwatu na karela kwa wakati ule, na akambadilishia tembe.

Kwa hiyo wewe kijana unayempeleka mzazi klinika, usingoje kuulizwa. Sema mambo manne: ni kitu gani anachotumia, kiasi gani, saa ngapi, na tangu lini. Kama ni unga wa kununua, nenda na mkebe wenyewe. Baadhi ya unga unaouzwa kama miti shamba ya sukari umewahi kukutwa umechanganywa kwa siri na glibenklamaidi yenyewe. Hapo mgonjwa anameza tembe mara mbili bila kujua.

Mwambie pia daktari kwamba mzazi ananuia kufunga, na umwambie mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani. Mara nyingi kipimo cha daku hupunguzwa au tembe hubadilishwa. Msiache tembe wenyewe ati kwa sababu uwatu umeshusha sukari. Hilo nalo lina hatari yake.

Mwisho, wengine huogopa kujipima mchana. Maulamaa wengi wamesema kudunga kidole kwa kupima hakubatilishi swaumu. Na mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua. Mama yetu yule alifungua siku ile, akailipa baadaye, naye yu hai.

Wabillahi tawfiq.