Maazimio ya Kazi na Mtoto Anayebaki Nyuma

(Maneno tuliyoyasema mbele ya walimu wanafunzi walio katika mazoezi ya kufundisha)

Sisi si wakaguzi wala hatukutoka chuoni kwenu, kwa hiyo msiwe na wasiwasi wa kutuonyesha mafaili. Sisi ni watu wa ofisi ya maendeleo, na kazi yetu hutupeleka nyumbani kwa wale watoto ambao mwalimu husema, "Huyu hashiki kitu." Leo tunataka tuzungumze juu ya mtoto huyo na yale maazimio ya kazi mnayoandika kabla ya muhula kufunguliwa, maana mambo haya mawili hutenganishwa mno. Maazimio huandikwa kwa ajili ya mkaguzi, na mtoto dhaifu hungojea huruma ya mwalimu saa kumi jioni wakati kila mtu amechoka.

Tutumie mfano mmoja tu, Hisabati ya Gredi ya 4. Vipindi ni 5 kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Tuseme muhula una wiki 13. Mwalimu mgeni huzidisha haraka, anapata vipindi 65, kisha anagawa mada zote mpaka nafasi ya mwisho ijae. Hapo ameshakosea kabla hajashika chaki. Wiki ya mwisho ni ya mtihani, toa 5. Siku mbili za kwanza watoto wanafagia darasa na wengine hawajafika, toa 2. Likizo fupi ya katikati ya muhula itakula kama 3. Umebaki na 55. Katika hivyo, panga mada katika vipindi 50, na kila baada ya vipindi 10 acha kimoja kwa marudio na masomo ya kurekebisha. Usikiache kitupu, kwa sababu mkaguzi atauliza. Andika katika safu ya mada ndogo "kurekebisha, kulingana na maoni ya wiki mbili", na nyenzo uziandike kwa penseli.

Kwa nini penseli? Kwa sababu hujui bado nani atakwama wapi. Hilo utalijua kutoka ile safu ya mwisho, ya maoni. Tumeona maazimio mengi ambayo safu hiyo imejazwa yote kwa siku moja, kalamu moja, maneno yale yale: "Somo lilieleweka vyema." Watoto 46, na wote wameelewa! Maneno kama hayo hayamsaidii mtu kupanga kipindi cha kesho.

Sasa basi, tuwaeleze alivyofanya mwalimu mwanafunzi mmoja tuliyefuatana naye muhula mzima. Alikuwa amefundisha kutoa kwa kukopa, akawapa watoto 46 hesabu nne: 75−42, 52−28, 60−34 na 403−167. Watoto 30 walipata zote. Kumi na sita walikosa, naye akataka kurudia somo lile lile kwa darasa zima, kwa sauti kubwa zaidi. Tulimwomba kwanza tukae naye chini tusome yale makosa yenyewe, si alama.

Watoto 9 walikuwa wameandika 52−28=36, 60−34=34, na 403−167=364. Ukiangalia vizuri utaona si kubahatisha. Mtoto anaona 2 na 8, anatoa ndogo kwenye kubwa, hajali ipi iko juu. Ndiyo maana 75−42 waliipata wote: pale hakuna kukopa. Watoto 4 waliandika 34, 36 na 346. Hawa wanakopa, lakini waliyemkopa hawampunguzii; ile 5 inabaki 5. Wawili walipata zote isipokuwa ya mwisho, wakaandika 266. Wamefika kwenye sifuri, wakairuka wakakope kwa mamia, na makumi wakayaacha bila kitu. Na mmoja alituchekesha, kisha akatuhuzunisha. Badala ya 75−42 alikuwa ameandika 75−47 na kujibu 28, jibu sahihi kabisa la hesabu isiyokuwapo. Huyo hakuhitaji kurekebishwa Hisabati. Alihamishiwa dawati la mbele, na mama yake akaambiwa ampeleke zahanati apimwe macho.

Mnaona, makundi matatu na dawa tatu. Wale 9 walipewa vijiti, kumi kumi vimefungwa kwa kamba ya mgomba. "Nipe 52." Mafungu 5 na vijiti 2. "Sasa toa 8 kutoka kwa vijiti." Mtoto anatazama viwili mkononi, anasema, "Havitoshi, mwalimu." Hapo ndipo pa kungoja, msimwambie. Akifungua fungu mwenyewe atakuwa na mafungu 4 na vijiti 12, na amekwisha kuona kukopa ni nini. Siku mbili ni vijiti tu, bila kuandika. Ya tatu, kila fungu linapofunguliwa, anakata 5 na kuandika 4.

Wale 4 hawakuhitaji kuanzia huko. Walifundishwa kulithibitisha jibu: 34 na 28 ni 62, si 52, basi kuna kumi moja imezidi, itafute. Wawili wa sifuri walipewa mifuko, kila mmoja una mafungu 10. Katika 403 hakuna fungu lililo nje, kwa hiyo fungua mfuko kwanza, kisha fungua fungu. Unabaki na mifuko 3, mafungu 9 na vijiti 13. Sasa toa 167, na 236 inatoka yenyewe.

Kazi hii ilichukua dakika 20, mara tatu kwa wiki, baada ya chakula cha mchana, na kile kipindi cha akiba kikatumika kwa wote. Tulimkataza kutumia wakati wa michezo. Mtoto anayenyimwa mpira kwa sababu ya hesabu ataichukia hesabu, na wenzake watamwita jina.

Katika wale 9, watatu tuliwajua: kila Alhamisi hawaji, ni siku ya soko, wanachunga mbuzi au kubeba mizigo. Na Alhamisi ndiyo iliyokuwa imewekewa mada mpya! Tulikwenda kuongea na wazazi, mmoja akakubali, wawili hawakukubali. Basi mwalimu akabadilisha maazimio: Alhamisi ikawa ya mazoezi, na jambo jipya likahamia Jumanne. Hiyo nayo ni kurekebisha.

Baada ya wiki mbili alitoa hesabu nyingine za namna ile ile, ya mwisho ikiwa 504−278. Kati ya wale 9, sita walipata zote. Wawili walikwama kwenye sifuri tu, basi wakahamia kwenye mifuko. Mmoja hakusogea. Tulipomwambia ahesabu vijiti 30 akaviweke kumi kumi, hakuweza. Shida yake ni ya Gredi ya 2, na wiki mbili zisingeiondoa. Tunawaambia wazi ili msijilaumu bure, wala msimlaumu mtoto.

Lakini nyinyi mtaondoka muhula ukiisha, na mwalimu wa darasa atabaki na huyo mtoto. Yule mwalimu wetu aliandika ukurasa mmoja nyuma ya rekodi ya kazi: majina, kosa la kila mmoja, alichojaribu, na tarehe aliyoishia. Kwa huyo wa mwisho aliandika, "Anahesabu hadi 20 bila kukosea. Aanzie hapo." Mwalimu wa darasa aliusoma wakiwa wote wawili wamesimama mlangoni, akauliza vile vijiti vimewekwa wapi.