Kumwomba mwalimu wa zamani barua ya mapendekezo

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe uliyeacha masomo au kazi nyuma ulipokimbia, na sasa chuo au mwajiri anataka barua kutoka kwa mtu aliyekufahamu kule.

Dada mmoja aliyesoma afya ya jamii Bukavu, na sasa anaishi Nakivale, Uganda, alimwandikia profesa wake hivi: “Habari Profesa, naomba barua ya mapendekezo, ni haraka.” Hakujibiwa. Si kwamba profesa ni mtu mbaya. Amefundisha mamia ya wanafunzi, na ujumbe ule haukumwambia ni nani anayeandika, wala barua ni ya nini.

Mara ya pili aliandika hivi:

“Profesa, salamu. Nilisoma kwako somo la takwimu mwaka 2018, nikapata alama 15 kwa 20. Nilikuwa katika kundi lililohesabu wagonjwa wa kuhara kwenye zahanati tatu, na wewe ulitusahihishia majedwali. Naomba nafasi ya shahada ya pili katika chuo kikuu cha Kampala. Wanataka kujua kama naweza kufanya utafiti. Mwisho ni tarehe 30 mwezi ujao. Je, unaweza kuniandikia? Kama huna nafasi, nitaelewa.”

Hapo profesa akamkumbuka. Ile kazi ya zahanati ndiyo iliyomrudisha, kuliko hata alama. Basi tafuta jambo moja ambalo yeye mwenyewe aliliona ukilifanya. Kwa meneja wa zamani ni vivyo hivyo: mkumbushe ghala ulilosimamia, au ripoti uliyomwandalia.

Sasa sikiliza hili, maana huwakwamisha wengi. Kwenye kitambulisho chake cha ukimbizi, jina la dada huyu liliandikwa kwa herufi tofauti na zile za chuoni. Barua ikija na jina la chuo tu, wanaopokea maombi wanaweza kudhani ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo alimtumia profesa majina yote mawili kama yalivyoandikwa, akamwomba ayataje yote.

Aliambatisha pia wasifu wake wa ukurasa mmoja na nakala ya matokeo. Kisha akaeleza barua itafikaje. Vyuo vingi humtumia mwandishi kiungo kwenye baruapepe yake, naye huipeleka moja kwa moja. Mjulishe mapema, la sivyo atadhani ni utapeli na kuufuta. Uliza pia ni anwani gani anayotumia sasa. Ya zamani huenda imefungwa.

Habari za jinsi ulivyokimbia si lazima uziandike. Profesa hawezi kuzithibitisha, na kama bado anaishi kule, zinaweza kumtia mashakani ujumbe ukisomwa na mwingine.

Mpe wiki tatu. Ikibaki wiki moja, mkumbushe kwa sentensi mbili, ukirudia tarehe. Dada yetu alifanya hivyo, na barua ikafika siku nne kabla ya mwisho.